Yah: Kikao cha Alhamisi 14 Mei – nakubali kwa masharti, nitathibitisha Jumanne 12 Mei kabla ya saa 6 mchana

Dada Neema, habari za kazi.

Mwaliko wako wa kikao cha kupanga siku ya kuhamishia kumbukumbu za ghala kwenye mfumo mpya nimeupata jana, ahsante. Kwa leo naomba unihesabu nusu. Nia ya kuja ninayo, na saa 4 hadi saa 6 za siku hiyo nimeziacha wazi, ila siwezi kukuandikia "nitakuja" kabla mambo matatu hayajakaa sawa. Jibu la mwisho utalipata Jumanne tarehe 12 Mei, kabla ya saa 6 mchana. Litakuwa ndiyo au hapana. Sitakuletea "labda" ya pili.

Kwenye kalenda nimebonyeza "Labda", lakini kitufe hakisemi labda ya nini, ndiyo maana naandika. Ningeweza pia kukujibu kwa "nitajitahidi" yakaisha, ila wewe na mimi tumeshasubiri watu wengi walioahidi kujitahidi.

Halafu, kabla sijasahau: barua yako inasema saa 4 asubuhi, lakini kalenda imeandikwa 04:00, na hiyo kwa saa ya kompyuta ni saa 10 alfajiri. Simu yangu imejipanga kuniamsha saa 9 na nusu usiku nijiandae na kikao. Naomba uirekebishe isomeke 10:00, maana wenzetu wa ofisi nyingine wanafuata kalenda tu, barua hawasomi.

Sasa masharti yenyewe.

La kwanza ni hesabu ya mali. Tunahesabu Ijumaa tarehe 8 na Jumamosi tarehe 9, ghala likiwa limefungwa, hakuna kupokea wala kutoa. Tukikuta kilichopo rafuni kinalingana na kadi, Jumatatu nafungua na Alhamisi niko huru. Tukikuta tofauti, Jumatatu tunarudia kuhesabu zile bidhaa zenye shida, na timu ya pili inayohesabu haiwi ile ya kwanza, kwa hiyo mimi ndiye wa kusimamia. Mara nyingi siku moja inatosha. Isipotosha, mizigo iliyozuiwa tangu Ijumaa itakuwa imejazana mlangoni, na siwezi kuiacha kazi hiyo nikaja kukaa kwenye kiti. Hili halina mjadala, na wala si la mtu kunisaidia. Jumatatu jioni nitakuwa nimeshajua, ndiyo maana nimechagua Jumanne kukujibu.

La pili ni orodha ya bidhaa kama ilivyoingizwa kwenye mfumo, pamoja na salio la kuanzia la kila moja. Naiomba inifikie kabla ya saa 4 asubuhi ya Jumatatu tarehe 11. Nisome kwanza, tusije tukaisoma pamoja ukutani huku watu kumi na mbili wakikodoa macho.

Hapa naomba nieleze kidogo, maana mara ya mwisho nilionekana mtu wa kuchelewesha mambo. Katika ile rasimu ya mwezi uliopita nilichukua mstari mmoja tu, gundi ya mbao ya lita 1. Kadi yangu inasema 36. Mfumo nao unasema 36. Ukitazama haraka utasema safi, zimelingana. Lakini 36 ya kadi ni katoni, na kila katoni ina makopo 12, yaani makopo 432. Kwenye mfumo kipimo kilichoandikwa ni "kopo". Tungeuwasha mfumo hivyo, siku ya kwanza mtu angetoa katoni tatu, mfumo ukaamini stoo imekwisha, ukaagiza gundi nyingine wakati mimi nakanyaga makopo mia tatu tisini na sita. Kosa la namna hii halionekani kwa kulinganisha namba, kwa sababu namba zinafanana. Linaonekana kwa mtu anayeijua bidhaa kusoma safu ya kipimo, mstari kwa mstari. Orodha ina bidhaa 412. Nipe siku moja nzima, nitazimaliza.

Kama orodha yote haiwezi kuwa tayari, sharti hili naweza kulilegeza: nileteeni zile tu zinazopokelewa kwa kipimo kimoja na kutolewa kwa kingine. Hizo hazifiki hata sitini, na ndizo zenye sumu. Zilizobaki tunaweza kuzipitia baadaye.

La tatu: mhasibu awepo, yeye mwenyewe au mtu aliyepewa ruhusa ya kuamua kwa niaba yake. Katika mwaliko jina lake sijaliona. Kikao kilichopita tulikaa saa mbili na nusu, tukakubaliana vizuri kabisa, kisha kila jambo la maana likafungwa kwa "tutamwuliza mhasibu". Siku ya kuhamia inategemea siku ya kufunga vitabu vya mwezi. Hiyo mimi siipangi, wala wewe. Kama hawezi kufika, nakushauri kikao kisogezwe badala ya kufanyika bila yeye. Mimi nitapatikana Jumatatu tarehe 18 au Jumanne tarehe 19 kwa saa zilezile.

Nina ombi moja dogo ambalo si sharti. Ajenda ya ghala umeiweka ya tano. Ukiweza ivute iwe ya kwanza au ya pili, ili ikinibidi kutoka saa 5 na nusu nisiwe nimekuja kusikiliza habari za mafunzo tu.

Kwa hiyo Jumanne utarajie hivi. Hesabu ikifungwa, orodha ikinifikia na mhasibu akithibitisha, nitabadilisha "Labda" kuwa "Ndiyo" na kukutumia masahihisho ya vipimo siku hiyohiyo, uyagawe kabla ya kikao. Hesabu ikinishika, nitabonyeza "Hapana", na msaidizi wangu, Juma, atakuja na kadi zote na majibu ya maswali yenu. Ila naomba ieleweke mapema, nisije nikamponza kijana wa watu: ana ruhusa ya kueleza hali ya ghala, hana ruhusa ya kukubali tarehe ya kuhamia. Mkifika kwenye tarehe, nipigieni simu. Hata nikiwa katikati ya mizigo nitapokea.

Na ikitokea saa 6 ya Jumanne imepita bila neno langu, usinisubiri wala usinitafute. Chukulia sitakuwepo, wape wengine kiti, na lawama ziwe zangu.

Upande wako nakuomba mambo mawili tu, na ningefurahi kuyapata kabla ya Ijumaa, kwa kuwa tukishafunga milango simu zinabaki ofisini: unijulishe nani anatuandalia ile orodha nimfuate moja kwa moja, na uniambie kama mhasibu ameshaalikwa. Nakala ya barua hii nimempelekea meneja wa shughuli, si kwa kukushitaki, ni kwa sababu ndiye aliyeidhinisha siku za kuhesabu na atauliza kwa nini nimejibu nusunusu.

Kazi njema, dada.

Salum
Msimamizi wa ghala
Jumanne, 5 Mei 2026