Alhamisi tunachangia damu, Ukumbi wa Nkrumah

Wana Mlimani, Alhamisi hii klabu yetu ya afya inawakaribisha kuchangia damu, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Wataalamu wa Mpango wa Taifa wa Damu Salama watakuwepo.

Uwe na miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, na uwe mzima siku hiyo. Mwanaume akae miezi 3 tangu alipochangia mara ya mwisho, mwanamke miezi 4. Mjamzito au anayenyonyesha asubiri kwanza. Wingi wa damu utapimwa hapo hapo kwa tone la kidoleni, bure.

Kula vizuri, kunywa maji ya kutosha. Tafadhali usije na njaa!

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua huweza kufariki ndani ya saa chache. Mtoto mwenye malaria kali, viganja vimepauka, anahema kwa shida, naye hana muda wa kusubiri ndugu watafutwe. Chupa inayomwokoa lazima iwe imeshapimwa na ipo kwenye jokofu. Damu haitengenezwi kiwandani, inatoka mkononi mwako.

Njoo na rafiki yako wa chumbani.