Ratiba ya masomo ya Neema kila Jumanne

Mama Neema, shikamoo.

Nashukuru kwa mazungumzo ya jana. Nayaandika tuliyokubaliana ili mimi, wewe na Baba Neema tuwe na maelezo yaleyale. Ukiona nimekuelewa vibaya mahali, nirekebishe kabla hatujaanza.

Nimepitia picha za daftari la hisabati ulizonitumia. Neema anajua kanuni nyingi kuliko anavyodhani. Anapokwama ni kwenye alama ya kutoa iliyo mbele ya mabano: −3(x − 2) anaiandika −3x − 6, wakati jibu ni −3x + 6. Kosa hilo limerudi karibu kila ukurasa, na ndilo linalomharibia milinganyo ambayo njia yake ilikuwa sahihi. Tutaanzia hapo, kisha tutarudi kwenye sehemu zenye asili tofauti.

Tutakutana kila Jumanne, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili jioni, kwenye Google Meet. Nimeichagua kwa sababu Zoom ya bure hukatika baada ya dakika 40, na hapo ndipo mtoto anakuwa ameanza kuchangamka. Kiungo kitakuwa kilekile kila wiki. Naomba awe na daftari, kalamu na simu au kompyuta yenye chaji, na kamera ielekee daftari anapokokotoa, maana nahitaji kuona hatua zake zaidi ya jibu. Mtu mzima awepo nyumbani, ila asikae pembeni kumnong'onezea. Sitarekodi kipindi bila ruhusa yako, na ujumbe wote kuhusu masomo utapitia kwenye simu yako.

Ada ni ileile tuliyoitaja jana kwa kipindi kimoja, bila nyongeza ya maandalizi wala kusahihisha kazi. Inalipwa kwa mwezi, kabla ya Jumanne ya kwanza, kwa idadi ya Jumanne zilizomo: mwezi wenye Jumanne nne utalipia vipindi vinne, wenye tano utalipia vitano. Mwezi ukiwa mgumu, niambie mapema tugawe malipo mara mbili. Sipendi mtoto akose somo kwa sababu mzazi ameona haya kusema.

Sasa suala la kuahirisha, ambalo naomba tulielewe vizuri. Saa hiyo ya Jumanne nimemwekea Neema peke yake, na siwezi kumpa mwanafunzi mwingine kwa taarifa ya ghafla. Kwa hiyo ukiniarifu kabla ya saa kumi na moja jioni ya Jumatatu, kipindi kitafidiwa bila malipo mapya. Ukichelewa kuniarifu, kitahesabiwa kuwa kimefundishwa. Homa ya ghafla, msiba au umeme kukatika haviingii humo. Nitumie ujumbe tu, hata dakika ya mwisho. Asipoonekana na sijapata taarifa, nitamsubiri dakika 15 kisha nitakupigia.

Nikiahirisha mimi, uamuzi ni wako: tufidie, au nipunguze ada ya mwezi unaofuata.

Vipindi vya fidia vitakuwa Alhamisi saa kumi na moja jioni au Jumamosi saa tatu asubuhi, ndani ya wiki tatu tangu siku iliyokosekana. Naomba visirundikane zaidi ya viwili. Nimeona watoto wakipewa vipindi vitatu vya fidia ndani ya wiki moja: wanahudhuria vyote, lakini hawapati siku za kufanya mazoezi katikati, na mazoezi hayo ndiyo yanayowajenga. Kwa sababu hiyohiyo sitaunganisha saa mbili mfululizo. Kipindi cha fidia chenyewe kikikosekana bila taarifa, hakifidiwi tena.

Mtandao ukikatika kabla ya dakika 20, tutahesabu kipindi hakijafanyika. Ukikatika baada ya hapo, nitamtumia maswali yaliyobaki, na dakika zilizopotea nitaziongeza kwenye Jumanne mbili zinazofuata.

Ombi moja kutoka moyoni: wiki za mitihani msiahirishe kwa sababu "ana mengi ya kusoma". Aje na maswali yanayomtatiza tuyashughulikie pamoja. Sitampa kazi mpya wiki hiyo. Wakati wa likizo za shule tutapumzika bila ada, isipokuwa mkitaka tuendelee.

Mkiamua kusimamisha masomo, nipeni taarifa ya wiki mbili, nami nitarudisha ada ya vipindi vilivyobaki. Mwisho wa kila mwezi nitakutumia ujumbe wa sauti kueleza alichoweza na kilichobaki.

Tuanze Jumanne ijayo. Ukikubali, nijibu kufikia Ijumaa jioni, kisha nitatuma kiungo pamoja na maswali matano mepesi ya kunionyesha Neema anapoanzia. Mwambie hayana alama, na asisaidiwe.

Wasalimie wote nyumbani.

Mwalimu Rehema