Tathmini ya Mwanagenzi wa Ufundi Magari: Miezi Sita ya Kwanza

Mwalimu, salaam.

Kijana wenu amemaliza miezi sita kwenye gereji yetu hapa Morogoro. Nayaandika haya na yeye ameshayasikia kutoka kwangu.

Kazi anayoiweza kuliko zote ni breki. Anabadilisha pedi, anarudisha pistoni ya kalipa taratibu huku akiangalia oili isifurike, kisha anakanyaga pedali mpaka ishike kabla gari halijasogea. Hatua hiyo ya mwisho hata mafundi wa siku nyingi huiruka. Nati za tairi anazikaza kwa kuvukana na kumalizia kwa spana ya kupimia. Kwa Corolla na RAV4 tunazopokea anajua ni nyutonimita 103 bila kuuliza. Servisi ya kawaida haina shida. Umeme bado: fyuzi ikiungua anaweka nyingine bila kutafuta kilichoiunguza.

Kwa usalama, haingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Anaweka stendi, analitikisa gari, ndipo anaingia. Kwenye betri anaanza kufungua waya wa hasi. Alikuwa na tabia ya kupuliza vumbi la breki kwa kompresa; nilipomweleza kwamba baadhi ya pedi za zamani zina asbesto, na asbesto inaharibu mapafu, aliacha siku ileile. Sasa anafuta kwa kitambaa chenye maji. Lakini miwani ya grainda anaisahau mezani kila akiona kazi ni ndogo, na nimemsema mara nyingi. Nimemzuia kushika grainda mpaka nione amebadilika. Jicho halina spea.

Kuhusu kukosolewa, akielezwa sababu anashika. Akifokewa mbele ya mteja anajibu "sawa fundi", kisha anarudia kosa kwa kuwa hakuelewa na aliona haya kuuliza. Nimewaagiza mafundi wenzangu wamrekebishe pembeni, naye arudie maelekezo kwa maneno yake kabla ya kuanza kazi. Tangu hapo maswali yake yameongezeka, na nayafurahia.

Mwezi uliopita plagi ilianza kuingia upande kwenye injini ya Noah. Aliposikia inagoma aliacha kukaza, akaja kuniita mwenyewe. Uzi ulikuwa mzima, tukaifunga upya kwa mkono. Angetumia mabavu, tungekuwa tunashusha silinda hedi ya mteja. Kwangu uaminifu huo una uzito kuliko wepesi wa mkono.

Napendekeza aendelee nasi. Breki na servisi afanye mwenyewe, mimi nikague gari kabla halijatoka. Miezi mitatu ijayo akae na fundi wetu wa umeme, ajifunze kutumia mita kutafuta hitilafu. Ukija kumkagua, Mwalimu, mpe gari lenye fyuzi inayoungua kila mara na umwache atafute chanzo.

Fundi Mkuu