Kompyuta namba 14 kupoteza mtandao kila alasiri

Shikamoo Mwalimu,

Ninakuandikia kuhusu kompyuta namba 14 iliyo kwenye safu ya mwisho ya maabara, karibu na mlango wa chumba cha maktaba. Kwa wiki mbili sasa kompyuta hiyo imekuwa ikipoteza mtandao kila alasiri na kuurudisha yenyewe jioni, ilhali asubuhi nzima hufanya kazi bila tatizo lolote. Nilikueleza kwa mdomo wiki iliyopita, ukaniagiza nifuatilie saa na mazingira ya tukio kabla hujaifungua. Nimefanya hivyo, na haya ndiyo niliyoyaona.

Katika siku 10 za masomo nilizofuatilia, mtandao ulikatika siku 9. Siku ya mapema zaidi ulikatika saa 8:34 mchana na siku ya kuchelewa zaidi saa 8:47, lakini siku sita kati ya hizo tisa ulikatika kati ya saa 8:38 na 8:43. (Saa ya kompyuta yenyewe huonyesha 14:38 hadi 14:43, nimeilinganisha na ya kompyuta namba 13 na zinakubaliana.) Kurudi kwake hakuna dakika maalumu, ila mara nyingi ni baada ya saa 10:05. Ili nisikisie dakika, kila siku kuanzia saa 8:20 niliacha amri hii ikiendelea kwenye dirisha dogo pembeni mwa skrini:

```
ping -t 192.168.1.1
```

Majibu huja mfululizo, kila moja kwa muda usiofika milisekunde moja, kisha ghafla hufuata mistari ya `Request timed out.` bila kupungua kasi kwanza. Mara moja moja jibu moja au mawili hupenya katikati, halafu kimya tena. Wakati wote huo taa ya kijani kwenye tundu la waya wa mtandao huendelea kumetameta kama kawaida, na kompyuta nyingine zote za maabara huendelea kufungua kurasa. Kwa hiyo sidhani kama ruta imezidiwa au mtandao wa shule umekatika.

Jambo la kwanza nililoshuku ni waya. Siku ya tatu nilibadilishana waya wa namba 14 na wa namba 13, pamoja na matundu yake kwenye swichi. Saa 8:41 namba 14 ilikatika vilevile, na namba 13 ikaendelea salama kwa waya uleule tuliokuwa tukiulaumu. Niliurudisha kila waya mahali pake.

Siku ya tano niliizima kompyuta na kuiwasha upya mtandao ulipokuwa umekatika, nikidhani ingerudi haraka. Haikurudi kabisa siku hiyo, hata jioni, mpaka ilipowashwa upya kesho yake asubuhi. Hata hivyo, kosa hilo lilinionyesha jambo ambalo sikuwa nimeliona. Nilipoandika `ipconfig /all` baada ya kuwaka, mbele ya anwani ya kompyuta palikuwa na neno la ziada, na chini yake anwani nyingine inayoanza na 169.254, ambayo Windows hujipa yenyewe inapokosa anwani ya kutumia:

```
DHCP Enabled. . . . : No
IPv4 Address. . . . : 192.168.1.114(Duplicate)
```

Mwalimu, ulitufundisha kwamba anwani mbili zinazofanana haziwezi kuishi vizuri kwenye mtandao mmoja, kwa kuwa ruta haijui impelekee nani majibu. Hapo nikaanza kushuku kwamba kuna kifaa kingine kinachowashwa kila alasiri kikiwa na anwani hiyo hiyo ya namba 14. Nililinganisha na kompyuta nyingine nne, zote zikaonyesha `DHCP Enabled` kuwa `Yes`, yaani zinapewa anwani na ruta. Ni namba 14 peke yake iliyowekewa anwani kwa mkono, na simjui aliyeiweka wala sababu yake.

Jaribio lililonishawishi zaidi nililifanya siku ya nane, saa 8:55, mtandao ukiwa umeshakatika. Nilichomoa kabisa waya wa namba 14, nikauacha ukining'inia ili kila aliyekuwa karibu aone, kisha nikakaa kwenye namba 13 na kuiita anwani 192.168.1.114. Mara mbili za mwanzo hakukuwa na jibu. Mara ya tatu jibu likaja, na likaendelea kuja, ingawa kompyuta yenye anwani hiyo haikuwa imeunganishwa na kitu chochote. Nikaandika `arp -a` nikiwa palepale namba 13. Mstari wa kwanza hapa chini niliunakili asubuhi ya siku hiyo, wa pili niliunakili wakati waya umechomolewa:

```
192.168.1.114   00-00-5e-00-53-14   dynamic
192.168.1.114   00-00-5e-00-53-a7   dynamic
```

Anwani ni ileile, lakini namba ya kadi ya mtandao imebadilika. Namba inayoishia na 14 ndiyo ya kompyuta yetu, kwani ndiyo inayoonekana kwenye `ipconfig /all` yake. Inayoishia na a7 si ya kompyuta yoyote ya maabara; nimezikagua zote.

Ipo pia ile siku moja ambayo mtandao haukukatika. Siku hiyo chumba cha maktaba kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi. Sisemi kwamba kifaa kimo humo, kwa sababu siku moja haitoshi kuwa ushahidi, na sijaingia kukagua vifaa visivyo vya maabara bila ruhusa. Ninakitaja kwa sababu ndiyo tofauti pekee niliyoiona kati ya siku hiyo na zile tisa.

Sijabadilisha mpangilio wowote wa namba 14, kwa kuwa huenda anwani hiyo iliwekwa kwa mkono kwa sababu unayoijua wewe. Kama haina sababu, naomba uangalie iwapo inaweza kurudishwa ipewe anwani na ruta kama zilivyo nyingine. Na kama ni lazima anwani ibaki ileile, basi huenda ruta ikaweza kuitengea namba 14, ili isipewe kifaa kingine. Pia ningeomba utafute namba inayoishia na a7 kwenye orodha ya vifaa ndani ya ruta, kwani mimi sina nywila ya kuifungua.

Ninakusumbua kwa urefu huu kwa sababu zamu ya alasiri ina wanafunzi wengi kuliko kompyuta, na anayepangiwa namba 14 hupoteza zaidi ya saa nzima. Juzi mwenzetu alimaliza kujaza majibu yake yote ya zoezi kwenye kivinjari, akabonyeza kutuma saa 8:42, duara likazunguka mpaka ukurasa ukafutika, na ikabidi aandike yote upya kwa mkono huku wenzake wakiondoka. Tangu siku hiyo nimebandika karatasi kwenye skrini inayowataka watumiaji wahifadhi kazi zao kwenye kompyuta kabla ya saa 8:30.

Kesho nitakuwa maabara kuanzia saa 8:00 mchana. Ukipata nafasi ya kufika kabla ya saa 8:30, nitakuwa nimeshaacha `ping` ikiendelea kwenye namba 14 na `arp -a` ikiwa tayari kwenye namba 13, ili ulione badiliko hilo mwenyewe linapotokea. Daftari lenye saa za siku zote 10 liko kwenye droo ya meza yako.

Wako mtiifu,
Mwanafunzi msimamizi wa zamu ya alasiri, maabara ya kompyuta