Maelekezo ya kazi: picha za tangazo la dagaa, wiki ya Nane Nane

Habari za tangu juzi mdogo wangu, pole na majukumu. Nimeona tukiongea kwa simu mambo mengine yatapotea, kwa hiyo nimekaa nikayaandika yote hapa. Soma mpaka mwisho kabla hujafungua programu, halafu niulize usichoelewa leo hii, tusije tukaanza kuulizana tarehe 31 usiku.

Kazi yenyewe ni tangazo la dagaa wetu wa kukaanga kwa wiki ya Nane Nane, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti. Nataka picha tatu za mtandaoni na kipeperushi kimoja cha kuchapa, ambacho vijana wetu watagawa pale Nyamhongolo nje ya viwanja vya maonyesho. Banda ndani hatuna, kwa hiyo usiandike "tembelea banda letu".

Kapsheni imeshapita kwa bosi na haibadiliki. Ndiyo hii:

"Dagaa wa Ziwa Victoria, wamekaushwa kwenye chanja, wamekaangwa, hawana mchanga. Fungua pakiti, kula. Wiki ya Nane Nane chukua pakiti 3 kwa Sh 10,000 badala ya Sh 12,000. Ofa ni tarehe 1 hadi 8 Agosti tu. Tupo Kirumba, jirani na Mwaloni. Ukichukua pakiti 6 au zaidi tunakuletea bure popote Nyamagana na Ilemela. Oda zote WhatsApp."

Sasa naomba uisome tena polepole, maana picha yote inatoka humo. Mteja wa Insta anaona picha kwanza, na kapsheni anaona mstari au miwili tu mpaka abonyeze kusoma zaidi. Akiona kitu kimoja kwenye picha na kingine kwenye maneno, hakuulizi, anapita zake. Au anakuja dukani kubishana na dada wa kaunta, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Tuanze na dagaa wenyewe. Tunasema hawana mchanga, wamekaushwa kwenye chanja. Basi kusionekane mchanga popote kwenye picha. Najua ukitafuta "dagaa" mtandaoni, nusu ya picha utakazopata ni dagaa wameanikwa chini ufukweni, mama kainama anageuza kwa fagio. Ni picha nzuri kweli, ila kwetu inatupinga mchana kweupe. Nimeshaona tangazo la wenzetu limeandikwa "safi kabisa" na dagaa wamelala kwenye mchanga wa Igombe, na maoni chini yake yalikuwa kicheko kitupu. Usiweke pia samaki wa kuchukua mtandaoni. Watu wa hapa wanajua samaki wao. Ukiweka samaki wa baharini, au ukabandika sangara mzima kwa sababu ni mkubwa na anang'aa, mtu wa Mwaloni ataona kabla hajasoma herufi moja.

Tumia picha zetu tu. Zipo kwenye folda niliyokutumia, na hizi mbili ndizo ninazozitaka. `DAGAA_014.jpg` ni pakiti imefunguliwa, dagaa wamemwagika kidogo kwenye sahani nyeupe, pembeni kuna ndimu na pilipili mbuzi. Hapo dagaa mmojammoja anaonekana, wa rangi ya dhahabu iliyoiva, kichwa na mkia vipo. Usiikoleze rangi mpaka wakawa wekundu, watadhani wameungua au tumetia rangi. `PAKITI_003.jpg` ni pakiti ya gramu 250 imesimama peke yake. Hiyo itoe kwenye usuli wake, uzipange tatu. Nasema tatu, siyo nne wala mbili, kwa sababu ofa ni pakiti 3. Mteja atahesabu. Ukipanga tano ili pajae, yeye anaelewa tano kwa elfu kumi, na hapo mwenye kosa hatakuwa yeye. Zipe kivuli kidogo chini zisionekane zinaelea.

Bei. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye picha, ukiacha dagaa, kiwe "Pakiti 3, Sh 10,000". Sh 12,000 iwe ndogo, imekatwa kwa mstari, juu au pembeni yake. Andika hivyohivyo kama kapsheni, "Sh 10,000", usiandike "TZS", wala "10K", wala "10,000/=". Kila mtindo ni sahihi kwa wakati wake, lakini vikichanganyika mtu anaona kama matangazo mawili tofauti. Ukitaka kuongeza neno, weka "Okoa Sh 2,000". Asilimia sitaki. Punguzo ni kama asilimia 16 na kitu, namba ambayo haimwambii mama wa Igoma chochote, wakati elfu mbili anajua inanunua nini.

Kuhusu kuletewa bure, hapa kuwa makini sana. Bure ni kwa pakiti 6 kwenda juu, na ni Nyamagana na Ilemela tu. Ukiandika "TUNALETA BURE" kwa herufi kubwa halafu masharti kwa herufi za chawa, kesho yake bodaboda wetu anaagizwa pakiti moja Kisesa, ambako ni Magu tayari. Kwa hiyo kwenye picha za mtandaoni jambo hili usiliweke kabisa, kapsheni inatosha. Kwenye kipeperushi liweke, kwa sababu hakina kapsheni, lakini liwe mstari mmoja wenye ukubwa mmoja: "Pakiti 6 au zaidi tunakuletea bure, Nyamagana na Ilemela".

Rangi zetu ni tatu. Bluu ya ziwa `#0E3A5B`, machungwa `#F28C28`, na krimu `#FFF6E5`. Usikadirie kwa macho kutoka kwenye logo, bandika kodi hizo. Usuli uwe krimu au bluu. Machungwa ni ya kibandiko cha bei tu, basi. Ikitapakaa kila mahali bei inapotea. Maneno juu ya machungwa yawe ya bluu. Nyeupe juu ya machungwa kwenye simu yako ndani inapendeza, lakini mteja wetu anaangalia simu saa 7 mchana juani pale stendi ya Nyegezi, na mwanga wa skrini kaupunguza kutunza chaji. Haoni kitu.

Najua Nane Nane inakuvuta kwenye kijani na majani ya mahindi. Naomba usiende huko. Sisi siyo wakulima wa mahindi, na kijani kikikaa karibu na lile chungwa letu kwa mbali kitasomeka kijani na njano. Hapa mjini nusu ya watu watasema tangazo la chama, nusu nyingine watasema la Yanga, na mwenye duka ni Simba damu. Nane Nane itajwe kwa maneno tu, "Wiki ya Nane Nane".

Jiwe la Bismarck nalo liache. Kila anayeuza kitu Mwanza kaliweka, kuanzia gesti mpaka fundi simu. Ukiona usuli umekuwa mtupu, kuna `MTUMBWI_007.jpg`, mitumbwi ya dagaa usiku na taa zake zimewaka juu ya maji. Ina bluu inayofanana na yetu na inaeleza dagaa wanavyovuliwa. Iweke nyuma, ififie, isishindane na sahani.

Logo ipo ya rangi na ipo nyeupe. Nyeupe ndiyo ya kukaa juu ya bluu. Usiivute ikanenepa, usiizungushie mwanga. Iwe juu kushoto kwenye picha zote, ndogo, na iwe na nafasi ya kupumua. Fonti ni zile mbili zilizo kwenye folda, nzito kwa bei na kichwa, nyepesi kwa mengine. Alama ya TBS usiichore wala kuipachika popote. Kwenye picha ya pakiti ilivyo, ndivyo ibaki.

Vipimo ni hivi. Ya Insta na Facebook ni 1080 × 1350. Ya stetasi ya WhatsApp na stori ni 1080 × 1920, na hapo acha pikseli 250 juu na 340 chini bila maneno, maana ndipo jina la akaunti na sehemu ya kujibu vinapokaa. Bei ikiingia huko imefunikwa. Ya tatu ni hiyohiyo ya stetasi ila imeandikwa "Leo mwisho" mahali pa tarehe. Tutairusha tarehe 8 asubuhi tu, kwa hiyo jina la faili liseme wazi nisije nikairusha tarehe 3: `nn_status_LEO_MWISHO.png`. Kipeperushi ni A5, upande mmoja, CMYK, 300 dpi, na ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukata. Chungwa letu likiingia CMYK hupoa, hilo nalijua, usihangaike kulilazimisha. Nichapishie moja tu kwanza tulione kwenye karatasi.

Namba ya WhatsApp na lipa namba ziko kwenye `namba.txt`. Zikopi, usizichape kwa mkono. Kwenye mtandao weka WhatsApp peke yake. Saa za duka, kwenye kipeperushi, ni "Saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku", kwa saa zetu, siyo 08:00.

Rasimu ya kwanza naitaka tarehe 20 Julai kabla ya saa 10 jioni, na iwe ile ya 1080 × 1350 tu. Tukikubaliana hiyo ndiyo unazigeuza nyingine. Ukileta zote nne pamoja, kosa moja tutalirekebisha mara nne. Marekebisho ni raundi mbili ndani ya bei tuliyopatana, Sh 120,000. Nikibadilisha mawazo yangu mwenyewe raundi ya tatu, nitakulipa Sh 15,000, hiyo siyo hasara yako. Nusu ya hela nimekutumia leo, nusu nyingine ukileta faili za mwisho tarehe 27 Julai pamoja na faili la kuhariri. Bila faili la kuhariri kazi sijaipokea, kwa sababu bei ya pakiti inaweza kupanda mwezi wa kumi, na sitaki kuanza upya.

Rasimu nitumie WhatsApp kama dokumenti, siyo kama picha, inabanwa halafu naanza kukulaumu kwamba imefifia bure. Kabla hujatuma, fanya jambo moja: iweke kwenye simu yako, mpe mtu yeyote hapo ulipo aione kidogo, uichukue, umwulize kinauzwa nini, kwa bei gani, mpaka lini. Akikosa jibu moja usinitumie bado, rudi kwenye bei na tarehe uvikuze.

Ukishasoma nijibu tu kama tarehe 20 inakufaa. Ukipata nafasi pita dukani uchukue pakiti mbili, ni zako, na ujionee rangi ya dagaa kwa macho kabla hujaanza kucheza na picha.